Sanduku Moja la Kakao, Siku Sita: Maneno Niliyowaambia Wakulima wa Mtambwe, Pemba

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni, ahsanteni kwa kuja. Mlionialika mmeniomba nieleze namna ya kuvundika na kuanika kakao, na nimeona bora nisianze kwa maneno. Juu ya meza hii kuna visahani vitano. Mbegu zote ni za fungu moja, matunda yake yamevunjwa asubuhi moja, na zimekaangwa kwa kikaango kimoja, moto mdogo, kwa muda ule ule. Kilichotofautiana ni siku zilizokaa sandukuni tu. Naomba visahani vizunguke, na kila mtu achukue mbegu moja ya kila kisahani, aimenye, aitafune polepole.

Anzeni na cha kwanza. Naona nyuso zinakunjamana. Hizo hazikuvundikwa hata saa moja. Zilitoka ndani ya tunda zikaanikwa moja kwa moja, kama wengi wetu tulivyozoea kufanya na mikakao michache iliyosimama baina ya mikarafuu na migomba yetu. Ni chungu, na ule ukakasi unaoufunga ulimi ni kama wa bibo bichi. Tena nusa: hakuna harufu ya chokoleti. Unaweza kuikaanga mbegu hiyo mpaka iungue, chokoleti haitatoka, kwa sababu kile ambacho moto unakigeuza kuwa chokoleti bado hakijatengenezwa. Kinatengenezwa sandukuni, na kikikosekana huko hakuna hatua ya mbele itakayokirejesha.

Sasa nikusimulieni hili sanduku.

Nilihitaji kilo 60 za mbegu mbichi. Kwa mikakao yetu ya kuhesabika, hilo lilitaka matunda 550 hivi, nikapita kwa majirani wanne. Matunda yaliyochumwa mwanzo yalikaa kivulini siku nne yakiyasubiri ya mwisho, na hilo halikuwa hasara. Tunda zima likikaa siku chache kabla ya kuvunjwa, ute wake mweupe hupungua kidogo, na ute ukipungua, ukali wa siki unaokuja baadaye nao hupungua. Lakini likishavunjwa hakuna kusubiri tena. Yote tuliyavunja asubuhi moja, kwa rungu la mti. Panga hukata mbegu za ndani, na mbegu iliyokatwa imekwisha funguliwa mlango wa ukungu. Tunda lenye weusi wa kuoza tuliliweka kando, na lililo bichi pia, maana ute wake hauna sukari ya kutosha. Ule uzi wa katikati unaoshika mbegu tukautoa.

Kwa nini kilo 60 na si kilo 10? Mwanzoni mimi mwenyewe nilijaribu kwa kilo 12, katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Kipimajoto hakikupita digrii 34 hata siku moja. Maji ya ute yalituama chini kwa kuwa ndoo haina tundu, ikanuka tembo la mnazi siku mbili, kisha ikaanza kunuka uvundo. Nilipozikata mbegu baada ya kukauka, nyingi zilikuwa zambarau tupu ndani. Kosa lilikuwa langu, na kosa lenyewe ni joto. Rundo dogo linazalisha joto kama lile kubwa kwa kila kilo, lakini linalipoteza upesi kupitia pembeni. Ndiyo maana Kyela, ambako ndiko kwenye kakao nyingi ya Tanzania, na Ghana, ambako hulundika mbegu chini ya majani ya mgomba, watu hukusanya mavuno kwanza ndipo wavundike. Mwenye mikakao mitatu peke yake hatafika. Lazima tuchangishane.

Sanduku lenyewe ni mbao za mwembe, sentimita 40 kila upande, kimo sentimita 45. Chini lina matundu ya upana wa kidole, na limewekwa juu ya matofali ili maji yatoke. Pembeni nimelizungushia magunia mawili kuzuia baridi. Ndani nimetandika majani ya mgomba, na juu nimefunika kwa majani hayo hayo na gunia. Sikutia hamira wala kitu chochote. Hamira inakuja yenyewe, iko juu ya maganda ya matunda, kwenye majani, kwenye mikono yetu na kwenye mbao.

Siku mbili za mwanzo ni za hamira hiyo. Ute wa kakao ni mtamu na mkali pamoja, mtaukumbuka nyote mliowahi kuufyonza mkiwa watoto. Hamira inakula sukari yake na kutoa ulevi, kama tembo la mnazi linavyofanya kwenye kibuyu. Wakati huo haitaki hewa, kwa hivyo hatukufunua wala kugeuza. Ute unavunjika na kutiririka kama jasho kupitia matundu, na ukali wake wa mwanzo, ambao ni ukali wa ndimu, unapungua. Kipimajoto kilianza digrii 28. Baada ya saa 24 kilikuwa 33, na baada ya saa 48 kilikuwa 38. Harufu ilikuwa ya tembo pamoja na ndizi mbivu na nanasi, na hiyo ya matunda si ya kupita tu. Hamira, pamoja na ulevi, hutengeneza manukato ya matunda na maua, na kiasi chake huzama ndani ya mbegu. Baadaye mtu akionja chokoleti akasema inamkumbusha zabibu au waridi, kwa sehemu kubwa anasimulia kazi ya siku hizi mbili.

Kisahani cha pili kilitolewa hapo, saa ya 48. Mmeionja? Kuna ladha ya tunda kwa mbali, lakini ukakasi bado umekamata, na ukiivunja ndani ni zambarau. Mbegu hiyo ilikuwa bado hai. Ungeipanda, huenda ingeota.

Hapo ndipo tulipogeuza, na hapo ndipo penye siri ya kazi nzima, kwa hivyo mniruhusu nikae hapo kidogo.

Ute ukishatiririka, nafasi baina ya mbegu zinafunguka. Ukigeuza, hewa inaingia. Hewa ikikutana na ulevi, wanakuja viumbe wengine, bakteria wa siki. Mama zangu mnaotengeneza siki ya mnazi mnajua: tembo likiachwa wazi siku kadhaa halibaki tembo, linakuwa siki. Ni wao hao hao. Na kugeuza ulevi kuwa siki ni kazi inayotoa joto kubwa. Tuligeuza saa ya 48, tukihamisha mbegu za juu chini, za kati pembeni na za pembeni katikati. Siku iliyofuata kipimajoto kilisoma 46, na ukifunua gunia siki inakupiga puani mpaka macho yanalowa.

Siki ile moto inapenya ganda na kuingia ndani, na kwa siki na joto pamoja mbegu inakufa. Haifi kwa kuoza, inakufa ikiwa nzima, na kifo hicho ndicho tunachokitaka. Ndani ya mbegu hai kila kitu kimefungiwa chumba chake: protini huku, vile vitu vya zambarau vyenye ukakasi kule. Mbegu ikifa, kuta za vyumba hivyo zinabomoka na vyote vinachanganyika. Vimeng'enya vya mbegu yenyewe vinaanza kukata protini vipande vidogo, na kuigawa sukari yake kuwa sukari mbili nyepesi. Vipande hivyo na sukari hizo, peke yake, havina harufu ya chokoleti hata kidogo. Vinangojea kikaango. Vikikutana kwenye moto ndipo harufu ile inapozaliwa, kwa njia ile ile inayoupa mkate ganda lake la hudhurungi na kahawa harufu yake. Kisahani cha kwanza kilikuwa na moto, lakini hakikuwa na vipande.

Na vile vitu vya zambarau? Vinavuja, vinakutana na hewa na kugeuka hudhurungi, na ukakasi unapungua. Sehemu ya uchungu pia inatoka na maji.

Mzee wangu hapo mbele ameniuliza: je, mbegu isipokufa ikaanza kuota? Hilo hutokea joto likichelewa. Kimzizi kinachomoza na kutoboa ganda, na tundu hilo linabaki. Mbegu ikishakauka, kimzizi kinaanguka, na wadudu na ukungu wanapata njia. Ukiona vimzizi sandukuni, ujue rundo lako lilikuwa baridi.

Kisahani cha tatu ni cha siku ya nne. Hapa chokoleti imeshafika, kila mtu anaisikia, ila kuna ukakasi pembezoni mwa ulimi na siki kidogo. Siku hiyo hiyo tuligeuza mara ya pili, kipimajoto kikiwa 48. Siku ya tano kilishuka 46, ya sita 43. Kushuka huko ni dalili kwamba ulevi unakwisha na bakteria wa siki wamemaliza chakula chao. Mbegu kwa nje zilikuwa zimevaa hudhurungi nyekundu, zimevimba, na nilipozikata chache nikakuta maji ya rangi ya chai nzito baina ya ganda na kiini, na kiini kimeanza kupasuka mifereji midogo midogo. Siku ya sita tukazitoa. Hicho ndicho kisahani cha nne, na sihitaji kukitetea. Chokoleti kamili, ukali mdogo kama wa ukwaju mwishoni, uchungu uliotulia.

Msichukue siku sita kama sheria ya kila mkakao. Iko aina yenye mbegu nyeupe ndani, inayoiva kwa siku mbili au tatu tu. Hii yetu ya zambarau inataka tano mpaka saba. Kata mbegu utazame, usihesabu siku peke yake.

Kisahani cha tano sikukileta ili mkipende. Nilibakiza kilo tano sandukuni mpaka siku ya nane, kwa makusudi. Siki ilipopungua wakaingia viumbe wengine, na ukungu mweupe ukaanza pembeni. Nusa: kuna mnuko wa ngozi mbichi, na kwa mbali kama choo cha kuku. Harufu yote ya matunda ya siku za mwanzo imepotea. Kuvundika kupita kiasi kunaharibu kama kuvundika nusu nusu, na mtu anayedhani siku nyingi zaidi ni ladha nyingi zaidi atayapoteza mavuno yake.

Tuje kwenye kuanika, ambako sisi Wapemba tunajiona mabingwa kwa sababu ya karafuu. Hapa naomba msikilize hasa, kwa sababu ubingwa ule ule unaweza kutuharibia.

La kwanza ni jamvi. Kiini cha kakao, nusu yake na zaidi kidogo ni mafuta, na mafuta yanakamata harufu. Mara moja nilianika kilo chache juu ya jamvi lililoanikiwa karafuu msimu uliopita, jamvi kuukuu, limekung'utwa, kwa macho halina kitu. Mbegu zilitoka na karafuu ndani yake. Haikuwa harufu ya kupendeza kama ya pilau, ilikuwa ganzi kwenye ulimi iliyofunika kila kitu kingine, na haikuondoka kwa kukaanga. Kwa hivyo kakao iwe na majamvi yake, au bora zaidi uchanja wa mianzi uliotandikwa wavu, ambao hewa inapita chini. Na ghala la karafuu lisiwe ghala la kakao.

La pili ni haraka. Karafuu tunaipigia jua kali tangu saa ya kwanza, na tunaona fahari ikikauka siku chache. Kakao ukiifanyia hivyo siku ya kwanza, ganda linakauka na kuwa gumu wakati ndani bado kumejaa maji na siki. Mlango umefungwa, siki imebaki ndani, na chokoleti yake itakuwa kali daima. Zaidi ya hayo, kazi ya kupunguza ukakasi haikuishia sandukuni. Maadamu mbegu ina unyevu na hewa inapita, zambarau inaendelea kugeuka hudhurungi. Mbegu iliyokauka ghafla inakatiza kazi hiyo njiani.

Sisi tulifanya hivi. Siku mbili za mwanzo tulizitandaza unene wa sentimita tano, jua la asubuhi na la alasiri, na adhuhuri tukizifunika kwa makuti. Tulizipindua kila saa, tukizitenganisha zilizogandamana. Kuanzia siku ya tatu tukazipunguza unene mpaka sentimita tatu na kuziacha juani mchana kutwa, na kila jioni zikiingia ndani kabla ya umande. Ukiinama juu ya uchanja siku ya kwanza, siki inakukabili. Siku ya nne unaitafuta. Harufu hiyo inayotoka ni ukali unaoondoka katika chokoleti, na mimi hupenda kwenda kuinusa kila asubuhi kwa sababu hakuna kipimo kingine cha bure kama hicho.

Zilichukua siku nane, na siku moja ilipotea kwa mvua ya vuli. Zikitoka sandukuni, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, na zinatakiwa zifike asilimia saba hivi. Zikizidi nane, ukungu utakuja. Zikipungua sita, zinavunjika vunjika kama vigae. Asiye na mashine ya kupima apime uzito: pima kilo moja ya mbegu ulizoweka alama kwenye mfuko wa wavu, zianike pamoja na nyengine, uzipime kila jioni. Uzito usiposhuka kwa siku mbili mfululizo za jua, zimekauka. Kilo zetu 60 za mwanzo zilitoka kilo 23. Ukizishika gao moja ukakamua, zinalia kwa mkwaruzo.

Ndugu yetu mmoja, mvua ilipomzidi, alizipandisha juu ya jiko la kuni. Simlaumu, alikuwa anaogopa ukungu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Lakini mafuta yale yale yaliyokamata karafuu yanakamata moshi, na moshi hautoki tena. Mvua ikidumu, bora kuzitandaza ndani, chini ya bati, unene mdogo, madirisha wazi, na kuzipindua mara nyingi, usiku pia. Zitachelewa, lakini zitabaki kakao. Na anayeweza kupanga asivunje matunda katikati ya masika.

Zikikauka hazijasalimika moja kwa moja. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na mbegu kavu inaunywa. Gunia lililowekwa sakafuni wakati wa masika litarudi juu ya asilimia nane bila ya kunyeshewa hata tone. Liinueni juu ya mbao, mbali na ukuta, na kama mna ndoo au mifuko ya plastiki ya kufunga vizuri, itumieni wakati huu, si wakati wa kuvundika.

Kisha kuna hukumu, nayo ni kisu. Wanunuzi wa dunia huchukua mbegu 300, huzikata kwa urefu na kuhesabu. Kwa daraja la kwanza, zenye ukungu zisizidi asilimia 3, yaani mbegu 9, na za kijivu kama sleti nazo zisizidi 9. Zilizoliwa na wadudu, zilizoota na zilizo bapa zisizo na kiini zinahesabiwa pamoja, nazo pia zisizidi 9. Kijivu maana yake haikuvundika kabisa. Mimi nilikata 100 za sanduku hili. Hudhurungi zilikuwa 79, zenye zambarau kiasi 19, za kijivu 2, na ukungu hakuna. Zile 19 zilinisumbua, mpaka nilipokumbuka kwamba pembe za sanduku huwa baridi na kwamba katika kugeuza mara ya kwanza tuliharakisha. Mbegu za pembeni zilirudi pembeni. Zambarau kidogo si kasoro kubwa, hata kakao nzuri huwa nayo, lakini najua ukakasi mdogo uliobaki katika kisahani cha nne ulitoka hapo.

Kwa hivyo safari hii tutageuza kwa utaratibu. Nyuma ya banda la skuli kuna sanduku jengine, tulilijaza juzi saa nne asubuhi, na sasa ni saa nne. Saa 48 zimetimia. Kipimajoto kimechomekwa katikati, kijana mmoja akakisome kwa sauti kabla hatujafunua. Nataka watu wanne wenye mikono iliyonawa: wawili watoe za pembe waziweke kwenye beseni peke yake, wawili watoe za katikati. Za pembe zitakwenda kati. Wengine sogeeni karibu muinuse kabla haijawa siki.